Neno moja pambizoni: ser na estar katika insha za darasa langu Kisumu

Insha iliyonibadilisha ilikuwa na mistari kumi na mmoja tu. Aliyeiandika ni kijana fundi wa umeme, mwenyeji wa Bondo, aliyekuwa akija kwenye darasa langu la jioni la Kihispania hapa Milimani, Kisumu. Mada ilikuwa familia, na mstari wa tatu ulisema: *Mi abuelo es muerto*, babu yangu ni marehemu. Nilikata *es*, nikaandika *está* juu yake kwa wino mwekundu, nikaendelea na mstari wa nne.

Kipindi kilipoisha alibaki nyuma mpaka wenzake wakatoka. "Mwalimu, naomba kuuliza. Ulitufundisha kwamba *ser* ni ya mambo ya kudumu na *estar* ni ya mambo ya muda. Babu yangu tulimzika mwezi wa nane. Kuna jambo la kudumu kuliko hilo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba hiyo ni sentensi ya pekee, aikariri hivyo hivyo. Alishukuru kwa adabu, akaenda zake, nami nikashuka kuelekea stendi nikiwa na karatasi zake mkononi na moyo mzito. Kijana alikuwa ameifuata kanuni yangu barabara, nikamkata. Kanuni ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kwa wasiokijua Kihispania, tatizo lenyewe ni hili. Pale Kiswahili kinapotumia "ni", "yuko" au "kuwa", Kihispania kina vitenzi viwili, *ser* na *estar*, na mwandishi hana budi kuchagua kimoja. *Soy, eres, es, somos, son* ni umbo la wakati uliopo la *ser*. *Estoy, estás, está, estamos, están* ni la *estar*. Vitabu vingi vya wanaoanza hutoa kanuni ile niliyoifundisha mimi, kudumu na muda, kwa sababu ni fupi na inashikika. Lakini ipeleke kwenye insha uone. Mji wa Nakuru haujawahi kuhama, na bado tunasema *Nakuru está en Kenia*. Ujana hupita, na bado tunasema *es joven*. Kufa ni *está muerto*. Saa hubadilika kila dakika, na bado ni *son las tres*. (Hapo wanafunzi wetu wana shida nyingine kabisa: saa tisa alasiri wanaiandika *las nueve*. Hilo nalisahihisha peke yake, silichanganyi na haya.)

Jumapili ile niliketi na insha zote nilizokuwa nazo za muhula huo, nikazisoma upya bila kalamu nyekundu. Niliandika kila kosa la *ser* na *estar* kwenye karatasi tupu, na kando yake nikaandika sentensi ya Kiswahili ambayo mwanafunzi bila shaka alikuwa nayo kichwani alipoandika. Ndipo nilipoona jambo ambalo lingepaswa kunigusa miaka mingi nyuma: Kiswahili chetu tayari kinatenganisha mengi ya mambo ambayo Kihispania hutenganisha. Sisi hatusemi tu "ni". Tunasema yuko, iko, amechoka, limeiva, inafanyika. Mwanafunzi anapopotea mara nyingi ni kwa sababu ametafsiri "kuwa" kwa jumla, akaziacha nyuma tofauti ambazo angezitamka bila kufikiri akiwa sokoni Kibuye.

Nikaamua kwamba kuanzia hapo sababu ninayoiandika pambizoni itakuwa neno moja la Kiswahili, mawili yakizidi. Hakuna maelezo ya kanuni. Neno ambalo mwandishi angelitumia yeye mwenyewe.

Nieleze kwa insha moja ya kweli ya darasani. Iliandikwa na muuguzi aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kihispania uitwao DELE, kiwango cha A2, ule wa Instituto Cervantes. Aliandika kuhusu harusi ya binamu yake Kakamega. Neno *boda*, harusi, wanafunzi wetu hawalisahau kamwe, kwa sababu bodaboda ziko nje ya dirisha. Insha ilikuwa hivi:

*La boda de mi prima está en Kakamega. La iglesia es cerca del mercado. Mi prima está maestra y hoy es muy contenta. Mi tía es enferma, pero es sentada en la primera fila. A las dos la comida es lista. El pollo es muy rico.*

Zamani ningekata mara saba na kumrudishia karatasi iliyojaa damu. Safari hii niliacha maneno yake yalivyo, nikapiga mstari chini ya kila kitenzi chenye kosa, na pambizoni nikaandika.

Kwenye sentensi ya kwanza niliandika: inafanyika. Ya pili: liko. Hizi mbili nilitaka zisomwe pamoja, kwa sababu ndizo zinazowachanganya hata walioendelea. Kiswahili husema "harusi iko Kakamega" na "kanisa liko karibu na soko" kwa -ko ile ile. Kihispania hakikubali. Kitu, jengo, mtu, mji, vyote vina mahali vilipo, na hapo ni *estar*: *la iglesia está cerca del mercado*. Tukio halikai mahali, linatendeka mahali, na hapo ni *ser*: *la boda es en Kakamega*. Kipimo ni chepesi: weka "inafanyika" badala ya "iko". Harusi inafanyika Kakamega, sawa. Kanisa linafanyika karibu na soko, hapana. Ikikubali, *ser*.

Mfano ninaoutumia ubaoni ni wa neno *examen*. *El examen es en la sala tres*, mtihani unafanyika chumba cha tatu. *El examen está en la mesa*, karatasi ya mtihani iko mezani. Neno lile lile, kitenzi tofauti, kwa kuwa mara ya kwanza ni tukio na mara ya pili ni karatasi. Vivyo hivyo *la clase*, ambalo laweza kuwa kipindi au chumba.

Kwenye *está maestra* niliandika: nomino. Hii ndiyo sababu pekee ya kisarufi ninayoiandika, kwa kuwa haina ubishi. Ukimtambulisha mtu au kitu kwa nomino, ni *ser*, iwe kazi aliianza jana au itaisha kesho. *Es maestra. Es estudiante.* Hata wakati uliopita, *era pescador*, alikuwa mvuvi. Yule muuguzi alikuwa ameandika *está* kwa sababu binamu yake alikuwa mwalimu wa kibarua wa muhula mmoja. Kanuni ya kudumu na muda ndiyo iliyompotosha tena. Anayetaka kuonyesha kwamba kazi ni ya kushikilia tu ana njia yake, *está de maestra*, lakini angalia kile *de* katikati. Bila *de*, nomino hairuhusiwi hapo.

Kisha *contenta*, *enferma*, *sentada*. Niliandika: amefurahi, ameugua, ameketi. Hapa ndipo penye utajiri, na naomba nikae kidogo.

Tunapotaka kusema hali ambayo mtu au kitu kimeingia, mara nyingi Kiswahili hakitumii "ni" na kivumishi. Kinatumia kitenzi chenye -me-. Amechoka, amelala, amekasirika, mlango umefungwa, chai imepoa. Ukiziangalia hizo kwa Kihispania, zote ni *estar*: *está cansado, está dormido, está enojado, la puerta está cerrada, el té está frío*. Na kinyume chake, pale ambapo twasema "ni" kuonyesha mtu au kitu ni cha aina gani, huwa ni *ser*. Tazama jozi hizi zinavyokaa. *Es gordo*, ni mnene; *está gordo*, amenenepa. *Es delgada*, ni mwembamba. *Está delgada*, amekonda. *Es viejo*, ni mzee. *Está viejo*, amezeeka. Wahispania wanabadilisha kitenzi kimoja mbele ya kivumishi kile kile, sisi tunabadilisha neno zima, lakini tofauti inayosemwa ni moja. *Ser* humlinganisha mtu na wengine. *Estar* humlinganisha na yeye mwenyewe wa jana, au na vile ulivyotarajia kumkuta.

Embe linaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitu kingine chochote. Mwanafunzi mmoja aliandika *este mango es verde* akimaanisha kwamba halijaiva. Msomaji wa Kihispania angeelewa kwamba rangi ya embe hilo ni kijani, na yako maembe ya kijani yaliyoiva na matamu. Alichotaka ni *está verde*. Pambizoni niliandika halijaiva, na hakuhitaji neno la pili. Kwa hiyo si -me- peke yake, hata -ja- ya ukanushaji inaelekeza kwenye *estar*, maana zote mbili zinazungumzia hali ambayo kitu kimeifikia au bado.

Tatizo lipo kwenye "ni mgonjwa", "ni chafu", "ni safi". Hapa Kiswahili kinatumia "ni" lakini Kihispania kinataka *estar*, na hayo ndiyo makosa yaliyokuwa mengi kuliko yote katika karatasi zangu za Jumapili ile. Dawa ni kujaribu kuigeuza sentensi. Shangazi ni mgonjwa: je, naweza kusema ameugua bila kuharibu maana? Naweza. Basi *está enferma*. Chumba ni kichafu, kimechafuka, *está sucio*. Sasa jaribu "ni mrefu". Amerefuka? Hapana, hilo ni jambo jingine kabisa, mtoto aliyeongezeka kimo tangu Krismasi. Basi *es alto*. Na mtoto yule wa Krismasi ni *¡qué alto estás!*, ndivyo shangazi wa Kihispania anavyompokea mlangoni.

Kwenye *la comida es lista* niliandika: kiko tayari. Hii nayo ni zawadi kutoka lugha yetu. Hali ambazo tunazisema kwa -ko, yuko tayari, yuko hai, yuko huru, mlango uko wazi, zote huenda na *estar*: *está listo, está vivo, está libre, la puerta está abierta*. Na hapa kosa si dogo, kwa sababu ukiweka *ser* maana inageuka. *Es lista* ni mwerevu. *Es vivo* ni mjanja. Muuguzi wangu alikuwa ameandika kwamba saa nane chakula kilikuwa na akili.

Wanaopenda kujua asili huwa nawaambia kwamba *estar* imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini *stare*, kusimama. Mahali mtu alipo na hali aliyo nayo zimekaa chini ya kitenzi kimoja kwa sababu ya kule kusimama: umesimama wapi, umesimama vipi. Sisi nasi tumeziweka pamoja kwenye -ko. Yuko nyumbani, yuko tayari. Jambo hili lilinifurahisha sana nilipolitambua, na hunifurahisha bado.

Imebaki *el pollo es muy rico*. Hapo sikupiga mstari. Niliweka alama ya kuuliza tu na kuandika: siku ile? Sentensi haina kosa. *El pollo es rico* ni kusema kwamba kuku kwa kawaida ni kitamu. Lakini yeye alikuwa akisimulia kuku aliyemla Kakamega siku ile, na anayekila chakula husema *está rico*. Mwalimu anayekata hapa anamfundisha mwanafunzi kwamba sentensi sahihi ni kosa, na baadaye ataikwepa hata inapohitajika. Nimejizoesha kutotumia alama moja kwa makosa na kwa machaguo. *Está casada* na *es casada* zote husikika kwa wenye lugha, hasa Amerika ya Kilatini. Vilevile *soy feliz* na *estoy feliz*, kila moja na maana yake. Nikizikuta nauliza, sikati.

Nilimrudishia muuguzi karatasi bila jibu lolote, maneno ya pambizoni tu, nikampa dakika kumi aandike upya akiwa pale pale. Alirudisha hivi:

*La boda de mi prima es en Kakamega. La iglesia está cerca del mercado. Mi prima es maestra y hoy está muy contenta. Mi tía está enferma, pero está sentada en la primera fila. A las dos la comida está lista. El pollo está muy rico.*

Dakika hizo kumi ndizo zenye thamani kuliko wino wote. Nilipokuwa nikiandika jibu juu ya kosa, wanafunzi walilinakili na kuweka karatasi begini, na wiki mbili baadaye kosa lilirudi kama lilivyo. Nikiandika sababu peke yake, jibu analitoa yeye.

Lakini njia hii nayo ina mitego, na niliikanyaga yote. Mtego mkubwa ni kwamba -me- ya Kiswahili inafanya kazi mbili. "Amelala" ni hali. "Amefika" ni tukio. Wiki ya tatu baada ya kuanza kuandika amechoka na ameketi pambizoni, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Vihiga aliniletea *mi hermano está llegado*. Ndugu yangu amefika. Nilijua mara moja kosa limetoka wapi, limetoka kwangu. Hapo Kihispania hutumia kitenzi kingine kabisa, *haber*: *mi hermano ha llegado*. Mwingine akaandika *estoy nacido en Kisumu*, nimezaliwa Kisumu, ilhali ni *nací en Kisumu*. Tangu hapo nauliza swali moja kabla ya lile la -me-: unanieleza kilichotokea, au namna kilivyo sasa? Ukiweza kuongeza "bado" mbele, bado amelala, bado ameketi, bado umefungwa, basi ni hali na *estar* inafaa. "Bado amefika" haisemeki.

Mtego wa pili uko kwenye kutendwa. Kijana mmoja alikuwa anaandika kuhusu reli, na kweli reli ya Uganda ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, wakati huo bandari ikiitwa Port Florence. Aliandika *el ferrocarril estuvo construido por los británicos*. Alikuwa amezoea kwamba kitu kilichojengwa kiko katika hali ya kujengwa. Lakini yeye alikuwa anasimulia kazi yenyewe na waliosimamia kazi hiyo. Pambizoni niliandika na nani. Panapotajwa mtendaji wa kitendo kilichopita, ni *ser*: *fue construido por los británicos*. Mlango ulifungwa na mlinzi, *la puerta fue cerrada por el guardia*. Mlango umefungwa, nenda kesho, *la puerta está cerrada*. Nikamwongezea kwamba Mhispania wa kawaida angependelea kusema moja kwa moja, *los británicos construyeron el ferrocarril*, na hapo suala la *ser* na *estar* halipo tena.

Na upo mtego mdogo wa kupindukia. Mwanafunzi akishashika "inafanyika", kwa wiki moja au mbili huandika *la oficina es en Mamboleo*, kana kwamba *en* yote imekuwa ya *ser*. Siku hizi sishtuki. Kosa likihama upande, najua ameanza kuchagua. Anayekosea upande mmoja tu kila mara bado anatafsiri "kuwa". Kwa hiyo kabla ya kusahihisha insha mpya naitazama ile iliyotangulia, nione kosa limehamia wapi.

Yule fundi wa Bondo nilimwomba radhi mbele ya darasa, nikafuta kanuni yangu ya zamani ubaoni ili wote waone inafutwa. Nilimwambia kwamba *está muerto* haina uhusiano na muda. Ni amekufa. Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi Mwalimu, niiandike tena."

Aliileta Alhamisi iliyofuata. Juu ya kila kitenzi alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo, neno lake mwenyewe la Kiswahili: amekufa, nomino, uko, yalifanyika, liko.

*Mi abuelo está muerto. Era pescador. Su red está en mi casa. El entierro fue en Bondo. La tumba está en Bondo.*

Sentensi mbili za mwisho nilizisoma mara kadhaa. Zingeweza kuunganishwa kwa *y* na Bondo ikatajwa mara moja, na mwalimu mwingine angependekeza hivyo. Mazishi yalifanyika Bondo. Kaburi liko Bondo. Niliziacha zilivyo.